Kulitafuta Neno Moja Lililokataliwa

Otomata ni mashine ya kufikirika yenye hali chache zinazohesabika. Husoma neno, yaani mfuatano wowote wa alama, alama moja baada ya nyingine, na kila alama huihamisha kutoka hali moja hadi nyingine. Baadhi ya hali ni za kukubali: neno likiisha mashine ikiwa katika mojawapo ya hizo, neno limekubaliwa. Katika otomata bainifu kila alama ina njia moja tu ya kufuata. Katika otomata isiyobainifu, ambayo Michael Rabin na Dana Scott waliieleza mwaka 1959, alama moja inaweza kufungua njia kadhaa kwa pamoja. Hapo neno hukubaliwa iwapo njia moja tu itafika kwenye hali ya kukubali, na hukataliwa pale ambapo njia zote zimeshindwa.

Swali lenyewe ni fupi: je, otomata iliyo mezani inakubali kila neno linaloweza kuandikwa? Kwa otomata bainifu jibu hupatikana haraka. Hutazamwa hali zote zinazofikika tangu mwanzo, na ikiwa hakuna hata moja isiyo ya kukubali, kazi imekwisha. Kwa otomata isiyobainifu mambo hugeuka. Kufika kwenye hali isiyo ya kukubali hakuthibitishi lolote, kwa kuwa njia nyingine ya neno lilelile huenda imefaulu. Mwaka 1972 Albert Meyer na Larry Stockmeyer walionyesha kuwa ugumu wa maswali ya namna hii unalingana na ule wa kundi zima liitwalo PSPACE: matatizo yote yanayotatulika kwa kumbukumbu isiyozidi polinomia ya ukubwa wa ingizo, hata kama muda utakuwa mrefu kupita kiasi. Tatizo huitwa kamili kwa kundi hilo likitimiza mambo mawili: lenyewe limo ndani ya kundi, na kila tatizo jingine la kundi linaweza kugeuzwa kwa haraka likawa hilo.

Ugumu wake unaonekana wazi zaidi katika mfano wa kuhesabu. Zichukuliwe alama tatu: 0, 1 na #. Kwa tarakimu tatu, hesabu ya mfumo wa jozi kuanzia sifuri hadi saba huandikwa hivi:

```
#000#001#010#011#100#101#110#111#
```

Sasa itengenezwe otomata inayokubali kila neno isipokuwa hili moja. Haihitaji kuijua hesabu yote; inahitaji kuwa hodari wa kuona kosa. Neno lolote lililo tofauti na hili lina kasoro mahali fulani, na kila kasoro ni ndogo. Huenda mwanzo si #000#. Huenda mwisho si #111#. Huenda alama # imekuja mapema mno au imechelewa, au maandishi yameendelea baada ya 111 kufungwa. Kasoro iliyobaki ndiyo yenye ladha: tarakimu imenakiliwa vibaya kutoka namba moja kwenda inayofuata. Katika kuongeza moja, tarakimu hugeuka iwapo tu zote zilizo kulia kwake ni 1. Basi otomata hubahatisha tarakimu moja, huikumbuka, huangalia kama zilizobaki hadi kwenye # ni 1 tupu, kisha huhesabu hatua nne tangu pale ilipoanza na kulinganisha. Tarakimu iliyopo ikiwa si ile iliyotarajiwa, otomata hulikubali neno.

Nguvu ya kutobainika imo katika kule kubahatisha. Otomata haiwezi kukumbuka namba nzima na kukagua kila tarakimu yake, lakini haina haja. Kila mahali panapoweza kuwa na kosa pana njia yake ya kupakagua, na njia moja ikifaulu inatosha. Kuunganisha wakaguzi wengi kwa neno «au» hakugharimu chochote, maana hali zao huwekwa tu pamoja. Neno «na» ndilo ghali kwa mashine hizi.

Badala ya tarakimu tatu ziwekwe 20. Hesabu za wakaguzi hawa zinaongezeka kwa mwendo wa kawaida, kwa kuwa kila mmoja anahitaji tu kuhesabu hadi 21 au karibu na hapo, na otomata nzima inatosheka na hali zisizofika 250. Lakini neno pekee inalolikataa lina namba 1,048,576, na urefu wake ni alama 22,020,097. Anayejaribu maneno kwa mpangilio kuanzia mafupi ataona kila moja limekubaliwa, na hatakuwa na dalili yoyote kwamba kuna lililokataliwa mbele.

Kutoka hapa hadi kwenye uthibitisho kamili hatua imebaki moja. Mahali pa hesabu iwekwe kazi ya mashine yoyote ya Turing yenye kumbukumbu ya seli m. Picha ya seli zote katika kila hatua huandikwa kama kipande kimoja, na vipande hutenganishwa kwa #. Mashine ya Turing husogea seli moja tu kwa wakati, hivyo kila seli ya kipande kinachofuata huamuliwa na seli tatu za kipande kilichotangulia: ile ya mahali palepale na jirani zake wawili. Mkaguzi hukumbuka alama tatu, huhesabu umbali unaokaribia m, na kulinganisha. Otomata inayopatikana hukubali kila neno ambalo si kumbukumbu sahihi ya kazi iliyoishia katika kukubali. Kwa hiyo inakubali maneno yote ikiwa mashine ya Turing haikubali ingizo lake, na inakosa neno ikiwa inalikubali. Ikiwa m ni polinomia, otomata nayo ni ya ukubwa wa polinomia. Jibu limepinduka, ndiyo ikawa hapana, lakini kwa PSPACE hilo si tatizo: mashine yenye kumbukumbu ya kiasi hicho inaweza kulipindua jibu lake bila gharama.

Upande wa pili ni kuonyesha kwamba kumbukumbu ya polinomia inatosha. Neno lililokataliwa, refu kama lilivyo, halina haja ya kuhifadhiwa. Kinachohitajika ni seti ya hali ambazo otomata inaweza kuwemo kwa sasa, yaani biti moja kwa kila hali. Kwa hali n kuna seti 2ⁿ, hivyo neno fupi kuliko yote yaliyokataliwa haliwezi kufika urefu wa 2ⁿ, la sivyo seti fulani ingejirudia na kipande cha katikati kingekatwa. Ubahatishaji wa herufi huondolewa kwa mbinu ya Walter Savitch ya mwaka 1970. Ili kujua kama seti B inafikika kutoka A kwa hatua 2ᵏ, hujaribiwa kila seti C ya katikati, na swali hurudiwa kwa nusu mbili, moja baada ya nyingine, katika kumbukumbu ileile. Viwango ni n, na kila kimoja hushika seti chache za biti n. Kwa hali 250 hiyo ni kama kilobaiti 25. Muda wake, hata hivyo, haufai kutajwa.

Zana za kisasa hazitumii njia ya Savitch. Mwaka 2006 De Wulf, Doyen, Henzinger na Raskin walipendekeza kutembea seti kwa seti na kutupa zile kubwa: seti kubwa ikikataa neno, seti ndogo iliyomo ndani yake hulikataa pia, hivyo inatosha kubaki na ndogo. Kwa otomata nyingi upunguzaji huu ni mkubwa. Kwa otomata ya kuhesabu ya tarakimu 20 hausaidii kufupisha safari, kwa sababu seti ya kukataa hutokea kwa mara ya kwanza baada ya duru 22,020,097.