Moduli ya Young kutoka kwenye Picha ya Jedwali la Waya

Waya unaoning'inizwa mzigo hurefuka, hata kama jicho halioni. Kiasi cha kurefuka kinategemea mambo manne: ukubwa wa mzigo, urefu wa waya, unene wake na kitu ulichotengenezwa nacho. Ili kujua tabia ya kitu chenyewe, yale matatu ya kwanza lazima yaondolewe hesabuni. Kazi hiyo hufanywa na vipimo viwili. Mkazo ni kani inayovuta waya ikigawanywa kwa eneo la mkato wake, na kizio chake ni paskali. Mnyumbuko ni urefu ulioongezeka ukigawanywa kwa urefu wa awali. Kwa kuwa urefu umegawanywa kwa urefu, jibu ni namba tupu isiyo na kizio. Mkazo ukigawanywa kwa mnyumbuko hutoa moduli ya Young, iliyopewa jina la Mwingereza Thomas Young aliyeieleza katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1807.

Katika maabara, kipimo hiki mara nyingi hufanywa kwa nyaya mbili za aina moja zinazoning'inia sambamba kutoka boriti moja. Waya mmoja hubeba mzigo usiobadilika, na mwingine huongezewa mawe ya mizani, moja baada ya jingine. Kinachosomwa ni tofauti ya urefu kati ya nyaya hizo. Boriti ikilegea kidogo, nyaya zote hushuka pamoja. Joto likipanda, zote hurefuka pamoja. Kinga hiyo ina maana kubwa, kwa sababu waya wa feleji wenye urefu wa mita 2.5 hurefuka kwa milimita 0.15 hivi joto likipanda nyuzi 5 tu, na kosa la kiasi hicho lingeharibu jedwali zima.

Namba huandikwa daftarini, na siku hizi ukurasa hupigwa picha kwa simu ili hesabu ifanywe baadaye. Tuseme picha moja ya namna hiyo inahusu waya wa feleji wa aina inayotumika kwenye piano, wenye urefu wa mita 2.50 na kipenyo cha milimita 0.40. Safu ya kwanza ni tungamo lililoongezwa, na ya pili ni usomaji wa mikromita.

| Tungamo (kg) | Usomaji (mm) |
|---|---|
| 0 | 1.42 |
| 1 | 2.41 |
| 2 | 3.37 |
| 3 | 4.36 |
| 4 | 5.?3 |
| 5 | 6.30 |
| 6 | 7.28 |

Kwenye mstari wa kilo 4, kivuli cha simu kimeangukia tarakimu ya katikati. Inaweza kuwa 3, inaweza kuwa 8. Hakuna haja ya kubahatisha, kwani jedwali lenyewe lina jibu. Kila kilo imeongeza kati ya milimita 0.96 na 0.99. Tarakimu ikiwa 3, hatua mbili zinazoizunguka ni 0.97 na 0.97. Ikiwa 8, hatua hizo zinakuwa 1.47 na 0.47: mruko mkubwa unaofuatwa na mruko mdogo. Jozi ya namna hiyo ni dalili ya tarakimu iliyosomwa vibaya, kwa sababu waya wenyewe hauna njia ya kurefuka kupita kiasi na kisha kujirudi mzigo ukiwa unaongezeka. Kama daftari lina pia safu ya usomaji uliochukuliwa mawe yakipunguzwa, safu hiyo itathibitisha.

Ni lazima pia kutambua kwamba safu ya pili haionyeshi urefu ulioongezeka. Mikromita ilianza na 1.42, hivyo namba hiyo hutolewa kwenye kila usomaji, na nyongeza zinakuwa 0.99, 1.95, 2.94, 3.91, 4.88 na 5.86. Tungamo nalo hugeuzwa kuwa kani kwa kulizidisha kwa 9.81, kilo 6 ni nyutoni 58.9.

Sasa grafu inaweza kuchorwa: kani kwenye mhimili wa wima, nyongeza ya urefu kwenye mhimili wa mlalo. Nukta huwekwa kwa msalaba mdogo wa penseli, kisha mstari mmoja ulionyooka hupitishwa katikati yake, baadhi ya nukta zikibaki juu kidogo na nyingine chini kidogo. Kuunganisha nukta moja hadi nyingine ni kosa, maana hapo kila hitilafu ndogo ya mkono inapewa hadhi ya ukweli. Mstari usilazimishwe pia kupita kwenye asili, na sababu yake ndiyo kiini cha kutumia grafu.

Tuseme waya ulikuwa na kikunjo kidogo, nao ukanyooka kilo ya kwanza ilipowekwa. Usomaji wa mwanzo ungekuwa 1.20 badala ya 1.42, na nyongeza zote zingezidi kwa 0.22. Anayegawa kani kwa nyongeza, mstari kwa mstari, angepata nyutoni 8.1 kwa milimita kwenye kilo 1 na 9.7 kwenye kilo 6, asijue lipi ni sahihi. Kwenye grafu, nukta kuanzia kilo 1 hadi 6 zingesogea kulia kwa kiasi kilekile, na mwinamo wa mstari unaopita kati yake usingebadilika hata kidogo. Ndiyo maana mwinamo unaaminika kuliko nukta yoyote moja.

Mwinamo husomwa kwenye mstari wenyewe, si kwenye nukta za jedwali, tena kwa pembetatu kubwa kadiri karatasi inavyoruhusu. Hapa mstari unapita kwenye milimita 0.50 na nyutoni 5.0, kisha kwenye milimita 5.50 na nyutoni 55.2. Kani imepanda kwa 50.2, nyongeza kwa 5.00, hivyo mwinamo ni nyutoni 10.04 kwa milimita, yaani 10,040 kwa mita. Kama mihimili ingebadilishana nafasi, mwinamo ungekuwa kinyume chake, na ungehitaji kupinduliwa kabla ya kuendelea. Kama grafu nayo ipo pichani, ni afadhali ichorwe upya kutoka kwenye namba: picha iliyopigwa kwa pembe huvuta miraba ya upande mmoja na kuibana ya upande mwingine.

Moduli hupatikana kwa kuzidisha mwinamo huo kwa urefu wa awali na kugawa kwa eneo la mkato:

E = mwinamo × L ÷ A

Kipenyo cha milimita 0.40 kinatoa eneo la mita za mraba 1.257 × 10⁻⁷. Jibu ni paskali 2.0 × 10¹¹, thamani inayojulikana ya feleji. Anayeweka kipenyo mahali pa nusukipenyo hupata eneo mara nne ya lile halisi, na moduli yake hushuka hadi 0.5 × 10¹¹, chini hata ya aluminiamu ambayo ni karibu 0.7 × 10¹¹. Anayesahau kugeuza milimita za mwinamo kuwa mita hukosea mara elfu.

Mkazo wa kilo 6 ni paskali milioni 468 hivi, na mnyumbuko wake ni 0.0023. Waya wa piano unastahimili mkazo huo na kurudi urefu wake mawe yakiondolewa. Feleji laini ya kawaida huanza kulegea kwenye milioni 250 hivi. Nukta zake za juu zingepinda kuelekea mhimili wa mlalo, na mwinamo ungechukuliwa kwenye sehemu iliyonyooka peke yake.

Usahihi wa jibu unaamuliwa zaidi na kipenyo. Mikromita ikikosea kwa milimita 0.01 kati ya 0.40, hilo ni kosa la asilimia 2.5, na kwa kuwa kipenyo hupigwa kipeo cha pili, eneo hukosea kwa asilimia 5. Hivyo kipenyo hupimwa sehemu kadhaa za waya, kila mahali kwa pande mbili zinazokatana kwa pembe mraba, na wastani wake huchukuliwa. Kosa likibaki asilimia 5, jibu huandikwa 2.0 ± 0.1 × 10¹¹ Pa.