Pozi Linalosomeka Hata Likipakwa Weusi Mtupu

Jaribio la kivuli ni njia ambayo wachoraji wa filamu za katuni huitumia kupima kama pozi la mhusika linaeleweka. Mhusika hupakwa weusi mtupu kuanzia utosini hadi nyayoni, pamoja na kila alichoshika, na nyuma yake huachwa nyeupe. Macho, mdomo, mikunjo ya nguo na rangi zote hupotea, ukabaki mstari wa nje peke yake. Kisha huulizwa swali moja: huyu anafanya nini? Jibu likija mara moja, pozi limefaulu. Mtazamaji akilazimika kukisia, linarudi mezani.

Haraka hiyo ina sababu. Filamu huenda kwa fremu 24 kwa sekunde, na pozi likishikiliwa kwa fremu 12 mtazamaji amepata nusu sekunde tu ya kulitazama. Katika muda huo jicho hukamata umbo zima kabla ya kuchambua yaliyomo ndani yake. Umbo lisiposema kitu, uso uliochorwa kwa ustadi huchelewa kuliokoa.

Studio ya Walt Disney huko Marekani ilijifunza hayo kwa kubanwa. Mickey Mouse alipotokea mwaka 1928 katika filamu ya Steamboat Willie, kiwiliwili chake kilikuwa cheusi, mikono myeusi, na viganja vyeusi. Akiweka kiganja kifuani, kilizama kisionekane. Glavu nyeupe alivishwa mwaka 1929. Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wakongwe wa studio hiyo, wanaeleza katika kitabu chao cha mwaka 1981 kwamba weusi huo uliwalazimisha wachoraji kuonyesha kila tendo kwa mstari wa nje, na walipozoea wakaona kwamba ndiyo njia bora hata pale rangi zilipopatikana. Kabla ya Mickey, Lotte Reiniger wa Ujerumani alikuwa tayari ametengeneza filamu nzima ya vivuli, Safari za Mwanamfalme Ahmed ya mwaka 1926, kutokana na hadithi za Alfu Lela Ulela. Wahusika wake walikatwa kwa karatasi ngumu nyeusi na bati jembamba la risasi, wakaungwa viungo kwa waya, na hawakuwa na uso wa kutegemea. Kila walichohisi kilipaswa kuonekana kwenye shingo, bega na vidole.

Namna jaribio linavyofanya kazi huonekana vizuri kwa mhusika mmoja: muuza kahawa aliyevaa kanzu na kofia, akimimina kahawa kutoka kwenye dele kuingia kwenye kikombe kidogo. Pozi la kwanza linalomjia mchoraji ni la kumweka mbele ya kamera, ameinamisha uso kidogo, dele mkono wa kulia, kikombe mkono wa kushoto, vyote mbele ya tumbo. Kwa rangi picha inapendeza. Dele la shaba linang'aa juu ya kanzu nyeupe na tabasamu linaonekana. Ikipakwa weusi, kinachobaki ni nguzo yenye kofia. Mikono imezama ndani ya kiwiliwili, mdomo wa dele umeelekea kwenye kamera hivyo umefupika ukatoweka, kikombe hakipo, na kahawa inayomiminika haipo. Kanzu nayo imeificha miguu, kwa hiyo hata namna alivyosimama haijulikani.

Marekebisho huanza kwa kumgeuza, si kwa kutia chumvi. Mhusika akigeuzwa ubavu, au karibu na ubavu, mdomo wa dele hujitokeza pembeni na mkunjo wake maarufu, na chombo kikatambulika chenyewe. Pua na kidevu navyo huingia kwenye mstari wa nje, hivyo mtazamaji anajua anatazama wapi. Hatua ya pili ni kutenganisha mikono. Mkono wenye dele hupandishwa hadi usawa wa bega na kiwiko husogezwa mbali na mbavu, ili kati ya mkono na kiwiliwili upatikane mwanya wa mwanga. Mwanya huo ndio unaomwambia mtazamaji kwamba hapa kuna mkono uliokunjwa. Ukizibika, mkono unageuka kuwa unene wa mwili. Kikombe hushushwa hadi usawa wa kiuno na kupelekwa mbele, mbali na kanzu, kikishikwa kwa vidole upande wa chini ili ukingo wake uonekane. Sasa kati ya dele na kikombe kuna nafasi nyeupe, na uzi wa kahawa unaipita ukiwa peke yake. Tendo lote limo ndani ya nafasi hiyo tupu.

Pozi linaweza kufaulu kufikia hapo na bado likawa na kasoro ndogo inayosumbua jicho. Ikiwa mdomo wa dele unagusa tu ukingo wa kofia, bila kuupita wala kuuachia nafasi, maumbo mawili hushikana na dele huonekana kama limeota kichwani. Dawa ni kuamua: ama vitu viachane wazi, ama kimoja kikatize kingine kwa kiasi kinachoonekana. Kugusana nukta moja ndiko kubaya kuliko vyote.

Kulifanya jaribio lenyewe ni kazi ya dakika chache. Kwenye karatasi, mchoro huwekwa juu ya meza ya mwanga, karatasi nyingine hulazwa juu yake, na umbo hujazwa kwa penseli laini. Kwenye programu ya kuchorea, uwazi wa tabaka hufungwa kisha tabaka hujazwa rangi nyeusi. Katika Maya, kubonyeza 7 kwenye tukio lisilo na taa humfanya mhusika awe mweusi. Katika Blender, mwanga wa dirisha huwekwa Flat na rangi moja nyeusi huchaguliwa kwa vitu vyote. Jambo la kuzingatia ni kwamba kivuli kitazamwe kupitia kamera ya tukio hilohilo. Pozi linalosomeka kwa kamera ya pembeni linaweza kufa kabisa kamera ikihamia mbele.

Aliyechora si mpimaji mzuri, kwa kuwa anajua jibu. Picha hupunguzwa hadi urefu wa sentimita 3 hivi, akaonyeshwa mtu mwingine kwa sekunde moja, na jibu linalotakiwa ni kitenzi. Akisema “ni muuza kahawa,” ametambua vazi na chombo tu. Akisema “anamimina,” tendo limesomeka.

Jaribio hili lina mipaka yake. Linahusu mapozi makuu, yale yanayobeba tendo. Fremu za kupita kati yao zinaweza kuwa na maumbo yaliyofungamana bila madhara. Picha ya uso wa karibu hailihitaji, maana machozi na macho hayamo kwenye mstari wa nje. Yako pia matendo yanayotakiwa yafichike, kama mtu anayechomeka barua kifuani kwa siri, na hapo rangi na mwanga hufanya kazi ambayo mstari umeiacha kwa makusudi. Hatari kubwa zaidi ni kulitii kupita kiasi. Mchoraji anayemgeuza kila mhusika ubavu na kuitandaza mikono yake yote hupata mapozi yanayosomeka lakini makavu, kila mtu amesimama kama amekatwa kwa mkasi. Kwa muuza kahawa, kumgeuza robo tu kuelekea kamera na kulipinda bega moja mbele hurudisha unene wa mwili, huku mwanya wa kiwiko na nafasi kati ya dele na kikombe vikibaki wazi.