Fundi Viyoyozi na Miezi ya Kusi

Kazi ya kutengeneza viyoyozi jijini Dar es Salaam huenda na upepo. Kaskazi inapovuma, kati ya Desemba na Machi, joto hupanda na simu za wateja haziishi. Juni hadi Agosti, wakati wa kusi, usiku huwa na ubaridi, madirisha hufunguliwa, na mashine iliyoharibika huachwa hivyo hivyo hadi joto lirudi. Kodi ya fremu na ada za shule, hata hivyo, hazisubiri joto.

Fundi anayetaka kujipanga huanza kwa kupima pengo lenyewe, na kipimo ni daftari la mwaka mzima linaloonyesha kilichobaki kila mwezi baada ya kutoa fedha za vipuri na gesi. Chukulia fundi ambaye mahitaji yake yote, ya nyumbani na ya fremu, ni shilingi 800,000 kwa mwezi. Kuanzia Novemba hadi Machi hubakiwa na 1,400,000 kila mwezi. Aprili, Mei, Septemba na Oktoba hupata 800,000 zinazomtosha. Juni hadi Agosti hupata 350,000 tu. Mapato ya mwaka yanazidi mahitaji, lakini katika miezi mitatu ya baridi anapungukiwa na 450,000 kila mwezi, yaani 1,350,000 kwa jumla. Hilo ndilo pengo la kuziba.

Njia ya kwanza ni kuongeza huduma, ila si kila huduma inafaa. Viyoyozi vya magari vinaonekana kuwa jirani wa karibu, lakini navyo hutafutwa wakati wa joto. Vitamwongezea kazi Januari na kumwacha mikono mitupu Julai. Friza za wauza samaki na mabucha ni afadhali, kwa sababu samaki na nyama huharibika hata wakati wa kusi. Sehemu kubwa ya vifaa anayo tayari: geji za gesi, pampu ya kutoa hewa kwenye mfumo na mtungi wa kuchomelea mabomba ya shaba. Anachopaswa kujifunza ni tofauti za gesi. Friji nyingi mpya hutumia R600a, gesi inayoshika moto kwa urahisi, hivyo kuchomelea bomba ambalo gesi yake haijatolewa ni hatari.

Njia ya pili ni mkataba wa matengenezo. Ofisi yenye mashine sita huoshewa kila baada ya miezi mitatu. Kwa bei ya 25,000 kwa mashine, ziara moja ni 150,000, na badala ya kulipwa siku ya ziara, fundi hulipwa 50,000 kila mwezi. Ofisi tano za namna hiyo ni 250,000 kwa mwezi. Zikitolewa gharama za nauli, sabuni na msaidizi, tuseme zinabaki 200,000. Pengo la miezi ya baridi linashuka hadi 250,000 kwa mwezi, au 750,000 kwa jumla. Akiweka kando 150,000 katika kila mwezi wa joto, kwenye akaunti isiyochanganywa na fedha za kazi, limezibika. Kazi za friza zikipatikana, huwa kinga dhidi ya mteja atakayeondoka.

Mkataba huo una mitego yake. Maandishi yataje kinachofanywa: kuosha filta na koili, kuzibua bomba la maji, kukagua kapasita na kupima umeme unaovutwa na kompresa. Gesi na vipuri vilipiwe kando, kwani mashine moja inayovuja inaweza kumeza malipo ya miezi kadhaa. Mteja naye huuliza kwa nini alipe Julai wakati kiyoyozi kimezimwa. Jibu ni kupanga uoshaji mkubwa, ule wa kufungua mashine, ufanyike miezi hiyo hiyo, kwa kuwa kuizima siku nzima hakumsumbui mtu, na joto likirudi huikuta iko tayari.

Dalili za mpango kuyumba huonekana mapema kwenye daftari. Ziara za mkataba zikianza kuahirishwa Januari ili kukimbilia wateja wa papo kwa papo, mikataba imezidi uwezo wa fundi, au inahitaji msaidizi wa pili. Ofisi zikichelewa kulipa kwa miezi miwili, fedha hizo zisihesabiwe kuwa za Juni hata kama karatasi inasema hivyo. Na mteja mmoja akiwa ndiye anayeleta nusu ya malipo ya kila mwezi, kuondoka kwake kutarudisha sehemu kubwa ya pengo. Hapo fundi hutafuta ofisi ndogo kadhaa kabla ya kufikiria kupandisha bei.