Saluni Kariakoo: Utani kwa nywele, si kwa mteja

SALUNI nyingi kutoka Magogoni hadi Kariakoo hutangaza ususi wao Instagram kwa picha mbili: kabla na baada. Anayeangalia huvutwa pia na maneno mafupi yaliyo chini ya picha, ambayo hufanya kazi ya jina la kanga: kuchokoza kidogo na kukumbukwa.

Tatizo la kwanza ni nafasi. Instagram hupokea herufi 2,200, lakini simu huonyesha takriban 125 za mwanzo. Zilizobaki hufichwa mpaka msomaji abonyeze. Hivyo mzaha, bei na mahali sharti vitangulie.

Tuseme msusi ameandika: “Zimekuja na hasira, zimeondoka zikicheka. Yebo yebo Sh. 30,000, rasta ni zetu. Kariakoo, Mtaa wa Uhuru.” Yote yanaonekana bila kubonyeza. Wateja wakiendelea kuuliza “bei gani?”, ni dalili kwamba bei imefichwa.

Tatizo la pili ni anayetaniwa. Katika mfano huo zinazotaniwa ni nywele. Msusi akiandika “alikuja kama kichaa”, amemtania mteja mwenyewe; huyo harudi, wala hamleti shoga yake.

Aidha, sura ya mteja ni taarifa yake binafsi, inayolindwa na sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Ridhaa iombwe kabla ya picha ya kwanza. Asiyetaka kuonekana apigwe kisogoni: mistari ya twende kilioni huonekana vizuri hata bila sura.