Subaru ya Beshte Yako Inashika Kona na Yako Inateleza? Cheki Hii Kitu Inaitwa Difu

Kama umewahi kushuka mathree Muthurwa siku ya mvua, hii umeiona. Ndai imeegeshwa kando, tairi moja iko kwa lami, ingine imezama kwa matope. Dere anakanyaga moto. Ile ya matope inazunguka kama feni ikipaka wamama wa mboga, na ile ya lami imetulia tu kama haijaambiwa kuna kazi. Makanga anaitisha wasee wasukume. Kila mtu anamcheka dere, lakini makosa si yake. Ni ya difu.

Na hiyo shida ya matope ndio hukupata ukiingia kona na spidi. Ni vile tu ukiwa ndani ya gari huioni.

Anza hapa. Raundabauti ya City Stadium, pale Jogoo Road inakutana na Landhies Road. Unapinda kulia, so tairi za kulia ziko ndani ya kona na za kushoto ziko nje. Tairi ya kushoto na ya kulia zimeachana kama mita 1.5. Ukizunguka raundi moja kamili, ya nje inatembea karibu mita 9.4 zaidi ya ile ya ndani. Chuo sikumaliza, lakini hiyo hesabu ilinishika: raundabauti iwe kubwa ama ndogo, tofauti ni hiyo hiyo. Difu iko hapo ndio tairi moja ikimbie kuliko ingine bila kukwaruza lami.

Difu ya kawaida, ile iko kwa gari nyingi za mtaa, hugawa nguvu ya kuzungusha, yaani toki, nusu kwa nusu. Kila wakati. Sasa ukiwa kwa kona gari inalala upande wa nje, tairi ya ndani inabaki nyepesi na inashika lami kidogo. Tuseme ya ndani inaweza kubeba 200 kabla iteleze, na ya nje inaweza kubeba 500. Juu lazima wapewe sawa, ya nje nayo inapata 200 pekee. Jumla 400. Hiyo ingine yote unakanyagia hewa: injini inapiga kelele, mshale wa mizunguko unapanda, tairi ya ndani inalia, spidi imekwama palepale.

LSD inaingilia hapo. Ni difu inayobana. Tairi moja ikianza kukimbia sana kuliko mwenzake, difu inaishika na kupeleka toki kwa ile ya polepole. Kama inaweza kupea upande mmoja mara mbili ya mwingine, ile ya ndani inabaki na 200 na ya nje inapata 400. Jumla 600, na injini ni ile ile. Kwa kiti unaisikia hivi: badala ya gari kulia na kusimama, inakusukuma mgongo ukitoka kona.

Lakini soma hiyo sentensi ya kubana tena, juu watu wengi huiruka. LSD inatoa kwa tairi ya haraka, inapeleka kwa ya polepole. Ukiingia kona bila kutelezesha kitu, ya haraka ni gani? Ya nje. So hapo mwanzo wa kona LSD inafanya kinyume: inabana ya nje, inasaidia ya ndani, na gari inataka kuenda moja kwa moja. Ndio maana mtu akiendesha ndai yenye LSD kali mara ya kwanza anasema pua ni nzito. Inageuka kuwa msaada tu ile dakika tairi ya ndani inapoteleza na kuanza kuzunguka kuliko ya nje.

Na iko na upande mbaya. Beshte yangu alinunua difu ya mtumba ya LSD akaiweka kwa ndai yake ya kusukuma nyuma. Kiangazi ilikuwa raha tupu. Mvua ya kwanza, kona ya kawaida, akakanyaga moto kidogo tu, matako ya gari yakampita. Aligonga ukingo wa barabara, rimu ikapasuka, yeye akatoka salama. Sababu ni hii: na difu ya kawaida, tairi ya ndani ingezunguka bure na ya nje ingebaki imeshika lami kwa upande. LSD ikafunga zote mbili, zikateleza pamoja, na tairi inayozunguka bure haishiki tena upande wowote. Difu ya kawaida inakuboesha. LSD kwa mvua inaweza kukutupa. Na wale wanachomelea difu kabisa na welding, hao wamejipea hiyo shida kila kona, hata ya kuingia petroli.

Wajapani walitaka dawa ya ile pua nzito. Mwaka 1996 Mitsubishi ikatoa Lancer Evolution IV, na kwa difu ya nyuma ikaweka kitu inaitwa AYC. Iko na gia za ziada na klachi mbili zinazoendeshwa na kompyuta, na hizo gia zinaweza kuongezea tairi ya nje toki hata kama ndio inakimbia zaidi. LSD haiwezi hiyo, hata uitishe vipi. Hiyo ndio toki vektaringi. Ukisukuma tairi ya nje zaidi ya ya ndani, gari inageuka yenyewe, kama mkokoteni ukisukumwa upande mmoja. Dere anaisikia kwa kiuno: umeongeza moto katikati ya kona, ulitarajia pua itoke nje, badala yake inaingia ndani na unapunguza stelingi.

Gari nyingi mpya zinafanya ya bei nafuu. Kompyuta inashika breki ya tairi ya ndani kidogo tu, na juu difu inagawa sawa, ya nje inapata kitu ya kuegemea. Unaisikia kama mtu amevuta pua kwa kamba, na wakati mwingine ka mtikisiko kwa pedo. Inasaidia, lakini haiongezi nguvu, inakula breki pedi, na ukiikazia kona nyingi mfululizo breki zinapata moto.

Kama unanunua Subaru ya mkono wa pili, zingine ziko na LSD ya mafuta mazito kwa difu ya nyuma. Hiyo huchelewa: tairi inateleza kwanza, halafu nguvu inakuja kama imetumwa. Na ina adui mmoja mtaani, tairi moja mpya na tatu zimeisha. Tairi iliyoisha ni ndogo, inazunguka zaidi hata ukienda moja kwa moja, so ile difu inadhani uko kwa kona kutoka Donholm hadi tao. Mafuta yake yanapikwa mpaka yanakufa. Difu ya katikati nayo, kwa zile za manyuwo, hupata ugonjwa uo huo, na kuipima ni rahisi: tafuta uwanja mtupu, kata stelingi mpaka mwisho, tembea polepole. Gari ikijishika na tairi zikiruka-ruka, imekwama. Muuzaji atakuambia ni kawaida ya Subaru. Mwitishe bei ya chini ama urudi nyumbani na mathree.