Selimundu katika ukoo: Jinsi ya kumtambua mbebaji kabla ya posa



Katika vijiji vyetu vya pwani, kuanzia Mikindani na Msimbati hadi Kilambo karibu na mto Ruvuma, mtoto anapoambiwa ana selimundu, ambayo wengi huiita sikoseli, neno la kwanza linalosikika nyumbani mara nyingi ni hili: "Kwetu ugonjwa huu haupo." Husemwa na upande wa mume, na maana yake ni kuwa mke ndiye aliyeuleta. Zipo ndoa zilizovunjika kwa neno hilo. Leo inshaallah tutaona kwa nini neno hilo haliwezi kuwa kweli, na namna ambavyo karatasi moja na kalamu vinaweza kutuonyesha ni nani katika ukoo amebeba ugonjwa huu bila ya kuugua.

Tuanze na asili yake. Damu ni nyekundu kwa sababu ya himoglobini, kitu kinachochukua hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Kila mtu ana nakala mbili za maagizo ya kutengeneza himoglobini, moja kaipata kwa baba na moja kwa mama. Nakala iliyo sawa tuiite A. Nakala yenye kasoro tuiite S. Mwenye AA hana tatizo. Mwenye SS ni mgonjwa: chembe zake nyekundu hujikunja mfano wa mundu, huziba mishipa midogo na hufa mapema, ndiyo maana huumwa mifupa, hupungukiwa damu na macho huwa ya manjano. Mwenye AS huitwa mbebaji. Huyu ni mzima. Analima, anavua, anazaa, na anaweza kufa mzee wa miaka 80 bila ya kujua kuwa ana S.

Mwaka 1949 watu wawili waliokuwa mbali mbali walilithibitisha jambo hili, James Neel huko Marekani na daktari E. A. Beet huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Walionyesha kuwa mgonjwa hupatikana pale wazazi wote wawili wanapokuwa wabebaji. Kwa hiyo mtoto wa SS hawezi kuletwa na upande mmoja. S moja imetoka kwa baba yake na nyingine kwa mama yake.

Sasa chukua karatasi. Chora mraba, ugawe vyumba vinne. Juu andika nakala mbili za baba, ubavuni andika nakala mbili za mama, kisha katika kila chumba unganisha herufi ya juu na ya ubavuni. Mchoro huu unajulikana kwa jina la Punnett, mwalimu wa chuo cha Cambridge, Uingereza, aliyeuanzisha miaka ya mwanzo ya 1900. Baba na mama wakiwa wabebaji unakuwa hivi:

```
        A     S
   A    AA    AS
   S    AS    SS
```

Chumba kimoja AA, viwili AS, kimoja SS. Kwa kila mimba, nafasi ya kupata mgonjwa ni robo.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Husema, "Tumeshapata mgonjwa mmoja, basi watatu wanaofuata watakuwa salama." Sivyo. Mraba hauhesabu watoto kwa zamu. Kila mimba huanza upya na robo ile ile, hata kama waliotangulia wote ni wagonjwa au wote ni wazima. Kosa la pili ni kinyume chake. Wazazi wabebaji wenye watoto wanne wote wazima hudhani hawana S. Hebu tuhesabu: nafasi ya mtoto kutokuwa mgonjwa ni robo tatu, na ukizidisha robo tatu mara nne unapata 81 kati ya 256. Yaani katika kila familia 100 za namna hiyo zenye watoto wanne, kama 32 hazitaona mgonjwa hata mmoja. Kwa hiyo "kwetu haupo" maana yake ni "kwetu haujaonekana" tu.

Mraba unatueleza juu ya mume na mke. Ukitaka kuufuata ukoo mzima unahitaji mchoro wa pili, mchoro wa ukoo. Aliyesoma mirathi madrasa hatapata shida, kwani maswali ni yale yale: nani kazaa na nani, nani yu hai, nani kafariki, ndugu huyu ni wa baba na mama, wa baba tu au wa mama tu. Mwanamume mchore kwa mraba mdogo, mwanamke kwa duara. Mume na mke waunganishe kwa mstari wa kulala, na watoto washushe chini yao. Ndugu wa damu wakioana, weka mistari miwili badala ya mmoja. Mgonjwa umjaze wino wote, mbebaji umjaze nusu, aliyefariki umkate kwa mstari.

Tutumie mfano. Ukoo huu nimeutunga kwa ajili ya somo, lakini hamna ndani yake jambo ambalo sijakutana nalo kazini. Baba na mama ni wazima, wana watoto wanne. Wa kwanza alifariki akiwa na miezi 10, ikasemwa ni degedege. Wa pili ni kijana mzima wa miaka 24. Wa tatu ni binti mzima. Wa nne alivimba viganja na nyayo akiwa na miezi 8, akapimwa, akaonekana ni SS. Kijana yule wa miaka 24 anataka kumposa binti wa mjomba wake, na wazee wanauliza kama kuna hatari.

Anza na unachokijua kwa yakini, yaani yule mtoto wa nne. Mjaze wino. Papo hapo wazazi wake wote wawili wanajazwa nusu, bila hata ya kupimwa, maana hawaumwi na S mbili za mtoto zimetoka kwao. Marehemu mwekee alama ya kuuliza. Huenda ilikuwa malaria, huenda alikuwa SS na hakuna aliyejua.

Je, kijana? Wengi watajibu kuwa nafasi yake ya kuwa mbebaji ni nusu, kwa sababu vyumba vya AS ni viwili kati ya vinne. Lakini kijana huyu tunajua kuwa si mgonjwa. Kwa hiyo chumba cha SS kifute. Vimebaki vitatu, na viwili kati yake ni AS. Nafasi yake ni theluthi mbili. Dada yake mzima naye ni hivyo hivyo.

Sasa panda upande wa binti. Mama wa kijana ana S, naye aliipata kwa babu au kwa bibi. Kama mmoja wao alikuwa mbebaji, mjomba ana nafasi ya nusu ya kuipata, na binti yake ana nusu ya nusu hiyo, yaani robo. Hiyo ndiyo nafasi ya chini kabisa, kwa sababu binti anaweza pia kurithi S kwa mama yake. Mtoto wa ndoa hii kuwa mgonjwa kunahitaji mambo matatu yakutane: kijana awe mbebaji, binti awe mbebaji, na mimba iangukie chumba cha SS. Theluthi mbili mara robo mara robo ni 1 kati ya 24.

Akimwacha binti wa mjomba akaoa mtu baki, je, amesalimika? Wataalamu hukadiria kuwa nchini kwetu wabebaji ni kati ya 13 na 20 katika kila watu 100. Tuchukue kiasi cha chini, kama 1 kati ya 8. Theluthi mbili mara 1 kwa 8 mara robo ni 1 kati ya 48. Hatari imepungua nusu, haikuondoka. S imeenea katika nchi zetu za joto kwa sababu ya malaria: mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha kwa uchunguzi wake wa Afrika Mashariki kuwa mbebaji ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana S haikupotea. (Mgonjwa wa SS hana faida hiyo, malaria humdhuru sana.) Kwa hiyo kumkataa binti kwa sababu tu ni ndugu, bila kumpima, ni kukisia.

Mchoro wa ukoo nao una udhaifu wake. Unakuwa sahihi kadiri maelezo yalivyo sahihi, na kwetu nusu ya ukoo mara nyingi iko ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Palma. Watoto waliofariki wachanga husahauliwa, nao ndio wenye habari kubwa. Ndugu wa kunyonya hawaingii katika mchoro huu: sheria inawazuia kuoana, lakini ziwa halipitishi S. Mtoto wa kulea pia hufuata wazazi waliomzaa.

Basi mchoro unatuonyesha nani apimwe, na kipimo ndicho kinachokata shauri. Ila uliza ni kipimo gani. Kile cha kuchanganya tone la damu na dawa na kutazama chembe zikijikunja chini ya darubini kinasema tu kuwa S ipo, hakitofautishi AS na SS. Kinachotofautisha ni kile cha kutenganisha himoglobini kwa umeme, au kile cha haraka cha kadi ndogo yenye mistari ya A na S. Aliyeongezewa damu karibuni asubiri miezi mitatu au minne, vinginevyo utasoma damu ya aliyemchangia.

Na likitokea hili, mtoto SS na baba akaandikiwa AA, mume asikimbilie kumtuhumu mkewe. Sampuli huchanganywa, kuongezewa damu huficha S, na kuna kasoro nyingine ya himoglobini, talasemia, ambayo mtoto akiirithi kwa baba pamoja na S ya mama huonekana kama SS, ilhali kipimo cha kawaida cha baba hakionyeshi kitu. Kipimo kirudiwe kwa wote watatu, katika maabara kubwa. Tuhuma ya zinaa ina masharti yake mazito, na karatasi ya maabara si mojawapo.

Saudi Arabia tangu mwaka 2004 wachumba hulazimika kupima selimundu na talasemia kabla ya kufunga ndoa. Wakionekana wote ni wabebaji hushauriwa, hawazuiwi, uamuzi hubaki wao.

Turudi kwa kijana wetu. Tuseme wamepimwa, yeye ni AS na binti wa mjomba ni AA. Futa ile 1 kati ya 24 na uchore mraba upya: vyumba viwili AA, viwili AS, SS hakuna. Wanaoana, na watoto wao hawatapata selimundu. Wangekuwa wote AS, hatari ingekuwa robo kamili kwa kila mimba. Dada yake naye hajapimwa bado, na theluthi mbili yake iko pale pale mpaka atakapotolewa damu.