Mbia Mpya Anapoingia: Mshahara, Riba ya Mtaji na Mgawo wa Faida

Malalamiko mengi ya ubia huanza na sentensi moja iliyoandikwa kwa haraka: “Mbia mpya atapata moja ya tano ya faida.” Sentensi hiyo haisemi ni faida ipi. Katika ubia ambao wabia hulipwa mshahara na riba ya mitaji yao, neno faida lina maana mbili, na tofauti yake hulipwa kwa fedha.

Tuchukue karakana ya useremala yenye wabia wawili. Wa kwanza aliweka mtaji wa shilingi 12,000,000, lakini hafiki karakanani. Wa pili ni fundi aliyeweka 4,000,000, naye ndiye afanyaye kazi kila siku. Walikubaliana kwamba fundi apate mshahara wa 300,000 kwa mwezi, kila mtaji upate riba ya asilimia 10 kwa mwaka, na kinachobaki wagawane sawa. Mpango huo ni wa haki: mshahara hufidia jasho, riba hufidia fedha, na baki hufidia hatari wanayoibeba pamoja.

Tarehe 1 Julai anaingia mbia wa tatu na mtaji wa 8,000,000. Hatakuwa na mshahara. Atapata riba kama wenzake, na baki itagawanywa kwa mafungu matano: mawili, mawili, na moja lake.

Ikiwa miezi sita iliyofuata ilileta faida ya 7,000,000, hesabu huanza kwa mshahara wa fundi, yaani 1,800,000. Kisha hutolewa riba ya nusu mwaka: 600,000 kwa wa kwanza, 200,000 kwa fundi na 400,000 kwa mgeni. Jumla ya makato hayo ni 3,000,000, hivyo baki ni 4,000,000. Fungu la mgeni ni 800,000. Pamoja na riba yake, anapata 1,200,000. Wa kwanza anapata 2,200,000 na fundi 3,600,000. Lakini kama mgeni alielewa kwamba moja ya tano ni ya faida yote, alitarajia 1,400,000 kabla hata ya riba. Kwa hiyo mkataba uandike waziwazi: “moja ya tano ya kinachobaki baada ya mishahara ya wabia na riba ya mitaji.”

Jambo la pili huwashangaza wengi. Mshahara wa mbia si sawa na mshahara wa kibarua. Ni namna ya kugawana faida, na hutolewa hata faida isipotosha, isipokuwa mkataba umesema vinginevyo. Tuseme miezi hiyo sita ilileta 2,000,000 tu. Makato yale yale ya 3,000,000 yanaacha upungufu wa 1,000,000, nao hubebwa kwa mafungu yale yale matano. Mgeni anachangia 200,000, na riba yake ya 400,000 inabaki 200,000. Wa kwanza naye anabaki na 200,000, ilhali fundi anaondoka na 1,600,000. Hakuna aliyedanganywa, ila anayeweka 8,000,000 anapaswa kuiona hesabu hii kabla ya kutia sahihi, si baada ya mwaka mbaya. Anayeiona nzito anaweza kuomba mshahara ulipwe kwa kadiri faida inavyoruhusu.

Tarehe ya kuingia nayo si jambo dogo. Tunashauri vitabu vifungwe tarehe 30 Juni: mbao zihesabiwe, wadaiwa na wadai waorodheshwe, na faida ya miezi ya awali igawanywe kwa wabia wa zamani peke yao. Kugawa faida ya mwaka mzima kwa mbili ni njia ya mkato inayoumiza pale biashara inapokuwa na msimu. Karakana yenye oda nyingi za madawati mwezi Januari itampa mgeni jasho la wengine. Orodha hiyo ya madeni inamlinda pia mgeni, kwani kwa kawaida mbia anayeingia hawajibiki kwa wadai kwa deni lililofanyika kabla yake.

Je, wasipoandika chochote? Nchini Tanzania, kanuni za ubia zimo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Pasipo makubaliano mengine, wabia hugawana faida sawa, hakuna anayedai mshahara kwa kazi yake, na mtaji hauzai riba. Katika mfano wetu kila mmoja angechukua takriban 2,333,000, na fundi angepoteza zaidi ya 1,200,000. Tena, mbia mpya haingizwi bila ridhaa ya wabia wote.

Mkataba wa wawili haumtaji wa tatu. Andikeni mpya, wote watatu mtie sahihi, na muambatishe mifano miwili ya hesabu kama hii: mmoja wa mwaka mzuri, mmoja wa mwaka mbaya.